Mistari miwili juu ya bomba si raundi mbili

*Shikamoo mtaalamu. Niko mwalo wa Igombe, nasoma ufundi mitambo jioni. Tunashusha boti la mbao la kilo kama 1,200 kwenye mteremko wa nyuzi 10, kamba ya manila tunaizungusha raundi mbili kwenye bomba la inchi sita lililosimikwa, mtu mmoja anashika mwisho. Nimetumia kanuni ya darasani, μ ya msuguano wa kamba na bomba mwalimu alitupa 0.24, nimepata mshikaji anatakiwa kushika kilo 10 tu. Juzi nilishika mimi, nikaburutwa mpaka wenzangu wawili wakaja kunisaidia. Kanuni ni ya uongo? Na tukiweka bomba nene zaidi itasaidia?*

Marahaba, mdogo wangu. Kanuni haina uongo, na inawezekana kikokotoo chako hakina kosa hata moja. Kosa nadhani liko kwenye neno "raundi", na la pili liko kwenye maji ya ziwa. Bomba nene halitasaidia. Nitaanza na hilo la bomba, kwa sababu ukielewa kwa nini unene hauna kazi, mengine yote yatakukalia sawa kichwani.

Chukua kipande kifupi sana cha kamba kilicholala juu ya bomba. Kamba inavutwa pande zote mbili, na kwa kuwa imepinda, inalibana bomba. Kadiri inavyovutwa zaidi na kadiri inavyopinda zaidi, ndivyo inavyobana zaidi. Msuguano unatokana na kule kubana. Kwa hiyo kwenye kila pembe ndogo ambayo kamba inapinda, msuguano unakula sehemu fulani ya mvutano uliopo mahali pale. Haukati kiasi kimoja kila mara, unakata asilimia ileile ya kilichobaki. Ni kama mtu anayekukata kodi kila kituo: kituo cha kwanza anachukua nyingi kwa sababu mfuko umejaa, cha pili anachukua kidogo zaidi, lakini kiwango cha kodi hakibadiliki.

Tupige kwa namba zako. Boti la kilo 1,200 kwenye mteremko wa nyuzi 10 linavuta kamba kwa nguvu ya 1,200 × 9.81 × sin 10°, yaani kama nyutoni 2,040. Kwa lugha ya mwaloni hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 208. Msuguano wa magogo ya chini nimeuacha makusudi, maana siku magogo yakiwa yamelowa tope haumsaidii mtu. Sasa kwa μ ya 0.24, kila robo ya mzunguko, yaani nyuzi 90, inagawa mvutano kwa 1.46. Kamba inaingia na kilo 208. Baada ya robo ya kwanza zinabaki 143, baada ya nusu mzunguko 98, robo tatu 67, na mzunguko mzima ukitimia zinabaki 46. Endelea na mzunguko wa pili vilevile, utafika kwenye 10. Hiyo ndiyo kilo 10 uliyopata. Kanuni inafanya safari hiyo yote kwa hatua moja:

```
T1 / T2 = e^(μ × θ)
```

T1 ni upande mzito, wa boti. T2 ni upande mwepesi, wa mikono yako. θ ni jumla ya pembe ambayo kamba imegusa bomba, nayo lazima iwe kwenye radiani. Mzunguko mmoja ni 6.283. Ukisahau ukaingiza 720 za nyuzi, kikokotoo kitakupa namba yenye tarakimu zaidi ya sabini na utajua mwenyewe kuna jambo.

Angalia sasa: kipenyo cha bomba kiko wapi kwenye kanuni hiyo? Hakipo. Bomba nene linaipa kamba urefu zaidi wa kugusa, ni kweli, lakini kwenye kila sentimita kupinda kwa kamba kunapungua, na kubana kwake kunapungua vilevile. Viwili hivyo vinafutana kabisa. Faida ya bomba nene ni nyingine: kamba haikunjwi kwa ukali, nyuzi zake hazivunjiki haraka, na joto linapata eneo la kusambaa. Inchi sita kwa kamba nene kama kidole gumba inatosha. Hela ya bomba jipya nunulieni kamba.

Tuje kwenye raundi. Nimesimama kwenye mialo mingi kuanzia Kirumba, na nimesikia watu wakihesabu raundi kwa njia moja ileile: fundi anasimama upande ambao kamba inaingilia, anatazama bomba, anaona mistari miwili ya kamba, anasema "raundi mbili, shusha". Nakuomba kesho ufanye jaribio kwa kamba fupi na chupa ya maji. Simamisha chupa, ziwa liwe mbele yako. Pitisha kamba kutoka ziwani, iguse ubavu wa kulia wa chupa, ije moja kwa moja kwako. Umezungusha kiasi gani? Sifuri. Kamba inagusa tu, haijapinda, na msuguano hauna la kushika. Lakini mtu akitazama ubavu wa kulia anaona mstari mmoja wa kamba. Sasa zungusha kamba mara moja kamili kisha uirudishe kwako. Hesabu ubavu wa kulia: mistari miwili. Hesabu ubavu wa kushoto: mmoja. Ule wa kushoto ndio unaosema kweli.

Kwa hiyo mistari miwili upande wa kuingilia ni mzunguko mmoja, na kamba yako ilipaswa kushikwa kwa kilo 46, si 10. Naamini hapo ndipo mlipo, kwa sababu mtu aliye mzima haburutwi na kilo 10. Lakini kilo 46 nazo pengine hazikutosha kuwaleta watu wawili mbio. Ndipo maji yanapoingia.

Hiyo 0.24 ya mwalimu siipingi. Niliwahi kuipima mwenyewe, na kipimo chake ni cha ndoo, unaweza kukifanya jioni moja. Nililaza kipande cha bomba la chuma juu ya magogo mawili, nikakifunga kisibiringike. Nikapitisha kamba juu yake, upande huu ndoo na upande ule ndoo, zile za lita 20. Kamba ikipita juu ya bomba na kuning'inia pande zote mbili wima, imezunguka nusu kamili, radiani 3.1416. Ndoo moja nikaijaza, na kwa kuwa ndoo tupu ni kama kilo moja, jumla ikawa 21. Ya pili nikaijaza pia, halafu nikawa naipunguza kwa kopo. Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea. Ilipofika jumla ya kilo 10 nikaisukuma ndoo nzito chini kwa kidole, ikaendelea kushuka yenyewe polepole bila kuongeza kasi. Hiyo ndiyo hali unayoitaka: kamba inayoteleza, kwa sababu boti unalishusha, hulitundiki. Ukiacha kugusa, ndoo inaweza kusimama hadi ile nyepesi ipungue tena kama kilo nzima, na mtu akichukua namba hiyo ya kusimama atajidanganya. Hesabu ni fupi:

```
μ = ln(21 / 10) / 3.1416 = 0.236
```

Kisha nikaichovya kamba ileile kwenye maji, nikarudia. Safari hii ndoo nyepesi ilinidai kilo 12 ndipo ile nzito ishuke kwa utulivu. Logarithimu ya 21 kwa 12 ukigawa kwa 3.1416 inakupa 0.18. Kamba yenu na bomba lenu vitatoa namba zao. Bomba lenye kutu hukwaruza na kushika zaidi, lililopigwa rangi hushika kidogo, na likipakwa oili ya mashine kwa bahati mbaya, au kamba ikiwa imetoka kuburuzwa kwenye utelezi wa samaki, namba inashuka chini ya hapo. Pimeni kwa kamba yenu, ikiwa na hali mbaya kuliko zote mnazozijua.

Rudia kesi yako kwa 0.18. Mzunguko mmoja wa kweli unagawa mvutano kwa 3.1 tu. Kilo 208 kwa 3.1 ni kilo 67. Na wewe ulisimama wapi? Kwenye mchanga uliolowa, kwa kandambili nadhani. Mtu wa kilo 65 kwenye mchanga wa namna hiyo akivuta mlalo miguu inamponyoka kabla hajafika nusu ya uzito wake. Kuwa mwenye nguvu hakukusaidii kitu hapo, ni miguu iliyoshindwa, si mikono. Watu watatu kushika kilo 67: hiyo inakubaliana na ulichokiona vizuri kuliko nilivyotegemea.

Kuna kitu kidogo ambacho pengine kilizidisha, nacho ni mahali miguu yako ilipokwenda. Pembe si raundi nzima tu. Mshikaji aliyesimama nyuma ya bomba, boti likiwa mbele, anakuwa na raundi kamili. Akisogea pembeni kwa upande unaoifanya kamba izidi kulikumbatia bomba, anajiongezea hadi robo ya mzunguko. Akisogea upande wa pili, anaifungua kamba na kujipunguzia robo. Kwa kamba iliyolowa, hatua hizo chache zinabadilisha kilo 67 kuwa 51, au kuwa 89. Nimeshuhudia mshikaji akikimbilia upande usiofaa kwa sababu ndiko kulikokuwa na kivuli cha mwembe. Boti halikumsubiri. Bahati nzuri liliishia kwenye maji na si kwenye miamba, na huku kwetu Mwanza miamba haikosekani.

Swali linalobaki ni raundi ngapi basi. Hapa usianze na raundi, anza na mikono. Ninapenda mshikaji awe na kilo 15, nguvu ambayo mtu anaweza kuishika robo saa na bado akawa anazungumza. Halafu fikiria boti halishuki kwa upole siku zote. Likianza kukimbia kwa nusu mita kwa sekunde na ukalikamata ghafla ndani ya nusu sekunde, unaongeza nyutoni 1,200 nyingine juu ya zile 2,040. Upande mzito sasa ni kama kilo 331. Gawa kwa 15, unapata uwiano wa 22. Geuza kanuni:

```
θ = ln(22) / 0.18 = 17.2
raundi = 17.2 / 6.283 = 2.7
```

Yaani mbili na robo tatu, kwa kamba iliyolowa na boti linalokamatwa ghafla. Huwezi kumwambia mtu azungushe 2.7, hivyo weka tatu.

Usiniulize kwa nini tusiweke sita ili tulale usingizi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo boti lilikataa kushuka. Kwa raundi tatu na kamba kavu, mvutano wa mshikaji ni kilo mbili na ushei. Ongeza raundi mbili zaidi, na uzito wa kamba yenyewe iliyolala mchangani nyuma yako unatosha kulishika boti zima. Mshikaji anaachia mikono, hakuna kinachotokea, anaanza kuisukuma kamba kwa mikono kuelekea kwenye bomba ili ilegee. Inalegea kwa mkupuo, boti linaruka nusu mita, kamba inakamata tena kwa kishindo. Mkupuo wa namna hiyo ndio unaokata kamba. Balaa lingine la raundi nyingi ni kamba kupanda juu ya kamba. Mzunguko mmoja ukimkalia mwenziwe, kamba inajifunga yenyewe, na hapo kanuni yetu haihusiki tena: hakuna kinachoteleza, na hata ukiachia mwisho kabisa boti limening'inia palepale. Kulifungua lazima kwanza lishikiliwe kwa kamba nyingine. Usimruhusu mtu kuingiza vidole humo.

Namna ya kuzuia kupandana ni kuhakikisha upande mzito unaingia chini kabisa ya bomba, karibu na ardhi, na raundi zinapanda juu kwa mpangilio hadi upande wa mshikaji, unaotokea juu. Kuingia chini kuna faida ya ziada kwamba bomba linasukumwa karibu na lilipozikwa, kwa hiyo halipati nafasi ya kujing'oa. Usimweke mshikaji mbele ya bomba upande wa ziwa. Hapo bomba linavutwa na boti na mtu kwa pamoja, na kamba ikikatika mtu huyo yuko kwenye njia yake.

Joto nalo msilidharau. Boti likishuka kwa kasi ya sentimita 30 kwa sekunde, karibu nguvu yote inayopotea inageuka joto pale kamba inapogusa bomba, na hiyo ni kama wati 600. Pasi ya umeme ya nyumbani ni kama wati 1,000. Fikiria zaidi ya nusu ya pasi imekandamizwa kwenye kamba ya plastiki, maana hiyo tunayoita manila siku hizi mara nyingi ni plastiki tupu, na aina yake inayouzwa zaidi inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 na kitu. Njia ndefu, kasi kubwa, na kamba ileile ikiteleza mfululizo: unaanza kusikia harufu kabla hujaona chochote. Baadaye pitisha kidole kwenye kamba. Sehemu iliyoyeyuka inang'aa kama kioo, ngumu, haikunjiki. Sehemu hiyo haishiki bomba vizuri na haina nguvu yake ya zamani. Kata, tupa, unganisha upya au nunua. Dawa ni kushusha polepole. Kasi ikipungua nusu, joto kwa sekunde nalo linapungua nusu.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua mtajaribu. Msiivute boti kurudi juu kwa kuzungusha kamba kwenye bomba hilohilo. Msuguano haupendelei upande, unampinga anayevuta. Mnaposhusha, boti ndilo linalovuta, hivyo msuguano uko upande wenu. Mnapopandisha, ninyi ndio mnaovuta, na msuguano unahamia upande wa boti: mikono yenu inakuwa upande mzito. Kwa raundi moja tu ya kamba kavu, kilo 208 za boti zinadai mvute 208 × 4.5, zaidi ya kilo 900. Kwa kupandisha tumieni kapi, au winchi ambayo ngoma yake inazunguka pamoja na kamba. Huko nako hesabu hii inafanya kazi, ila kwa maana nyingine: ngoma ndiyo inayovuta, na mtu anayepokea kamba nyuma yake anashika zile kilo chache za T2 tu ili kamba isiteleze.

Basi kabla ya kushusha tena, simama upande kamba inakoingilia kwenye bomba, hesabu mistari. Ikiwa minne, na upande wa pili mitatu, mna raundi tatu za kweli. Na mwambie fundi wenu kwa heshima yake. Kama kwa miaka yote amekuwa akiita mistari minne "raundi nne", mikono yake ilikuwa sahihi, ni jina tu alilokosea.